Kurasa Mbili za Shukrani

Abla Inshirah alikuwa amefundisha sayansi kimu katika shule moja ya wasichana mjini Mansura kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumfundisha bajeti. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walijifunza kwake kugawa mshahara wa mume: wa nyumba, wa mdomo, wa mgonjwa na wa mgeni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na mshahara wa mume wa kugawa. Alistaafu akiwa vilevile alivyoanza kazi, binti wa marehemu Abdel-Nabi, ghorofa ya tatu, na wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wenye wajukuu, bado walimwita Abla kama msichana wa darasani anavyomwita mwalimu wake wa kike.

Alipostaafu aliandika kitabu. Kilikuwa cha visa vya wasichana aliowafundisha, wale waliokaa dawati la nyuma na kuunguza mchuzi. Alikipeleka kwa wachapishaji wawili wa Cairo. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alijibu kwa upole mwingi kwamba kitabu ni kizuri, na kwamba mwandishi akichangia gharama kitatoka mara moja. Kisha akataja mchango wenyewe, ambao Inshirah aliupiga hesabu akaona ni gharama yote na faida ya mchapishaji juu yake. Akasema kama ni kulipa, basi atalipa kwa mkono wake na kitabu kiwe chake.

Fedha zilitoka kwenye upatu. Ulikuwa upatu wa wanawake kumi na watano, pauni elfu nne kila mwezi, na aliyeuendesha ni wifi yake Faukiya, mke wa kaka yake, mwanamke wa sauti kubwa anayejua siri za ngazi zote za jengo. Zamu ya kwanza kwa desturi hupewa mwenye harusi, kwa sababu jokofu la bibi harusi halisubiri. Mwaka ule Faukiya alipanda ghorofa ya tatu akamwekea wifi yake elfu sitini mezani, akamwambia wenzake wameridhia zamu ya kwanza iwe yake. Inshirah alishangaa, maana alijua kuna wawili wenye mabinti wachumba. Aliuliza. Faukiya akamwambia ahesabu pesa aache maswali.

Deni lenyewe lilikuwa wazi. Elfu nne kila mwezi, miezi kumi na minne iliyobaki, kutoka kwenye pensheni ya elfu saba. Anayechukua zamu ya kwanza kisha akakwama kulipa, mtaa mzima humjua kwa jina hilo mpaka siku ya kuzikwa, na aliyemdhamini hujulikana pamoja naye. Inshirah alikuwa na jina zuri na hakuwa na kingine cha kuweka rehani.

Alikaa akapanga. Uchapaji, nakala mia tano kwa pauni sitini na tano kila moja, jumla elfu thelathini na mbili na mia tano. Akaongeza pauni thelathini na tano za faida, akaandika bei ya kitabu: mia moja. Ilimpendeza, ilikuwa bei kamili isiyo na chenji.

Mhariri aliyempata alikuwa binti anayeitwa Rabab, anayefanya kazi zake nyumbani kwa kompyuta na simu, mwenye ulimi mkali na adabu nzuri, vitu ambavyo havikai pamoja mara nyingi. Alikuja na muswada ukiwa umejaa alama, akanywa chai, akaangalia ile karatasi ya bajeti.

"Abla, unampikia mtu pilau halafu unamtoza bei ya mchele," alisema. "Nyama nani kalipa? Gesi nani kalipa?"

Akamwonyesha. Kuhariri elfu sita. Kusahihisha lugha, ambayo ni kazi nyingine ya mtu mwingine, kwa sababu jicho lililohariri halioni tena makosa yake, elfu tatu na mia tano. Kupanga kurasa elfu mbili na nusu. Jalada elfu tatu. Namba ya usajili wa Maktaba ya Taifa, nakala za lazima zinazopelekwa huko, usafiri wa kubeba vitabu hadi madukani, elfu mbili na nusu. Uzinduzi, ukumbi mdogo na maji ya matunda na bango, elfu nane. Elfu mbili za dharura. Jumla ilikuwa elfu sitini, bila kubaki hata nauli. Kwa hiyo kila nakala haikumgharimu sitini na tano, ilimgharimu mia na ishirini, na akiiuza kwa mia anamlipa msomaji ishirini ili asome.

Inshirah aliisoma upya ile karatasi. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amewaambia wasichana kwamba bei ya chakula si bei ya sokoni tu, ni pamoja na moto. Aliona aibu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliisema.

Bei ikawa mia mbili. Rabab akamweleza zaidi: duka la vitabu halinunui, linapokea kwa amana, linakata asilimia arobaini ya kila nakala itakayouzwa na kulipa baada ya miezi mitatu likikumbuka. Mia mbili ya dukani inarudi mia na ishirini, yaani gharama yake tu, tena vikiuzwa vyote. Pesa ya kweli iko mkononi mwa mwandishi, siku ya uzinduzi, ambapo mia mbili hubaki mia mbili na hulipwa papo hapo. Mauzo ya siku ile ndiyo yangelipa upatu wa miezi ya mwanzo, mpaka maduka yaamke.

"Ukikata chochote, usikate uzinduzi," alisema Rabab. "Hiyo si anasa, ndiyo duka lako."

Jambo lingine alilolisimamia Rabab lilikuwa unene. Muswada ulipopangwa mara ya kwanza ulikuja kurasa mia mbili na arobaini. Mitambo haichapi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hupita mashineni, hukunjwa, huzaa kurasa kumi na sita, na mkunjo huo mafundi huuita malzama. Kitabu hulipiwa kwa malzama. Rabab alipunguza hadithi mbili zilizojirudia na maelezo marefu ya namna ya kuoka keki ya machungwa, mpaka kikaja kurasa mia mbili na nane, malzama kumi na tatu kamili, bila ukurasa wa ziada wala pungufu. Inshirah aliisikitikia keki kwa siku mbili, kisha akakiri kitabu kimepata pumzi.

Hapo ingekuwa mwisho wa mambo, lakini Inshirah alikuwa na kurasa mbili za shukrani.

Alizileta mwishoni, baada ya kurasa kupangwa, kama mtu anayekumbuka chumvi wakati sahani ziko mezani. Zilikuwa na majina ya wanawake thelathini, kila jina na sentensi yake: aliyempikia alipovunjika mguu, aliyemkumbusha habari za msichana ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemsahau, wale wote wa upatu, na mjane wa ghorofa ya chini, Mama Galal, aliyemtunzia muswada kwenye pipa la mchele mwaka bomba lilipopasuka. Mia mbili na nane na mbili ni mia mbili na kumi. Malzama kumi na tatu hazitoshi.

Mwenye kiwanda cha kuchapia, Haji Metwalli, alikuwa mtu mnene wa taratibu aliyechapa vitabu, kadi za harusi na karatasi za kufungia vitamu vya basbusa kwa mashine zilezile. Alimweleza Inshirah kwamba kurasa mbili hazipo duniani. Zipo kumi na sita, au nane kwa kukuonea huruma, lakini hata hizo nane zinataka sahani zake za kuchapia na mashine iwashwe kwa ajili yake, kwa hiyo kupungua kwenyewe ni kidogo. Alipiga hesabu kwenye kipande cha kadi ya harusi ya mtu. Elfu tatu.

Rabab alisema mara moja majina yaondolewe. Akashauri sentensi moja nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu: asante kwa wote walionisaidia, wanajijua. Inshirah akauliza kama majina yanaweza kubanwa hapohapo kwa herufi ndogo. Yangeweza, lakini kwa herufi ambazo thuluthi mbili ya wenye majina wasingeziona hata na miwani.

"Elfu tatu kwa majina thelathini," alisema Rabab. "Kila jina pauni mia. Abla, kuna mtu humo wa pauni mia?"

Inshirah akasema atafikiri. Akafikiri siku tisa, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu bei ya Haji Metwalli ilikuwa ya wiki moja, kama ilivyoandikwa chini ya karatasi ya bei kwa herufi ambazo na yeye hakuziona. Aliporudi na malipo ya awali, bei ya karatasi ilikuwa imepanda. Si yeye aliyeipandisha, alisema Haji. Alimwonyesha simu yake na ujumbe wa muuza karatasi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kutukanwa na wateja watatu asubuhi ile. Nyongeza kwa nakala mia tano ilikuwa elfu tano.

Zile elfu mbili za dharura zilikuwa zimekwisha kwenye kupanga kurasa upya, kwa hiyo ile elfu nane ya uzinduzi ilibaki elfu tatu. Mtu yeyote angeiona hesabu. Elfu tatu ilitosha chai, biskuti, bango na chumba cha maktaba ya mtaa jioni moja. Au ilitosha majina.

Haji Metwalli alimwambia hana haraka, akamwagiza kahawa. Inshirah akakaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akiangalia mashine zikimwaga kadi za harusi. Alizijua kadi zile. Katika maisha yake alikuwa amepokea kadi zaidi ya mia mbili na hakuna hata moja yenye jina lake ndani kama mwenye shughuli. Kila harusi alikwenda, na kila harusi alitoa tunzo, noti iliyokunjwa mkononi mwa mama wa bibi harusi, pamoja na dua. Ndiyo desturi: unatoa leo, unarudishiwa siku yako, na ukirudishiwa unarudishiwa pamoja na kidogo juu yake. Tunzo ni upatu usio na mwisho. Lakini upatu huo unataka uwe na siku yako, harusi yako, au ya mwanao, au mtoto mchanga. Inshirah alitoa tangu akiwa na miaka ishirini na mbili. Katika hesabu za nyumba yake, aliziandika zile pesa kwa muda mrefu chini ya wajibu, na tangu alipotimiza miaka arobaini na tano aliziandika chini ya hasara. Ilimuuma kidogo kila mwaka, kisha ikaacha kumuuma, jambo ambalo ni baya zaidi.

Akafikiria kile chumba cha maktaba. Nani atakuja? Watakuja walewale thelathini. Watakaa, watakunywa chai, watafunua kitabu kutoka nyuma kama watu wote wanaotafuta majina yao, na hawatajikuta. Utamwalika mtu kwako umpe kiti na biskuti, halafu umfungie mlango wa chumba chenyewe?

Akamwambia Haji Metwalli achape malzama ya kumi na nne.

"Na uzinduzi?" aliuliza Haji.

"Sifuri," alisema Inshirah, akatoa pesa.

Rabab alipopigiwa simu alisema kwa adabu kwamba Abla amelifunga duka kabla ya kulifungua. Inshirah alijua ni kweli. Jioni aliandika upya hesabu za miezi mitatu ijayo, upatu kwanza, umeme, dawa za shinikizo la damu, na kilichobaki kwa chakula alikitazama kwa jicho la mwalimu, akaona kwamba msichana yeyote aliyemletea mpango kama ule angempa sifuri. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Ila alimwambia Faukiya kwamba hakutakuwa na sherehe. Vitabu vikifika vitapelekwa madukani moja kwa moja. Wifi yake alimsikiliza akimenya vitunguu.

"Vinafika lini?"

"Alhamisi mchana."

"Haya," alisema Faukiya, na kwa mtu aliyemjua, neno moja kutoka kinywa kile lilikuwa la kutilia shaka.

Alhamisi wabebaji walipanga maboksi sebuleni kwake mpaka usawa wa dirisha. Inshirah alifungua moja, akanusa kitabu, akaangalia jalada, akaangalia ukurasa wa 209 na wa 210. Majina yalikuwepo, herufi kubwa za kutosha. Baada ya sala ya alasiri mlango uligongwa. Ni Faukiya, na sinia la kahk, biskuti za sikukuu, kichwani, na nyuma yake ngazi nzima. Mmoja alibeba kreti ya soda, mwingine viti viwili vya kukodi, mwingine spika ya mjukuu wake. Waliingia na vigelegele, vile hasa vya harusi, virefu, vinavyowatoa watu wa jengo la pili madirishani. Rabab alikuwa katikati yao. Faukiya alikuwa ameipata namba yake, namna alivyopata namba za watu wote.

Walimkalisha Inshirah kwenye kochi kubwa, akiwa bado na gauni la nyumbani, wakamwekea meza na kalamu. Akafungua kitabu cha kwanza akamtilia sahihi Samiha, ambaye zamani aliwahi kuunguza pazia la darasa kwa pasi. Samiha alipokea kitabu, akambusu, akamtia mkononi noti zilizokunjwa. Inshirah alizikunjua. Zilikuwa mia tano.

Akaanza kutafuta chenji. Aliinuka kabisa, akaelekea chumbani kuliko na mkoba, akisema kitabu ni mia mbili na kwamba dakika moja tu. Wanawake walicheka mpaka Faukiya akalazimika kushika sinia.

"Chenji ya nini, Abla?" alisema Samiha. "Mimi sijanunua kitu. Kwenye harusi ya Hanan wangu ulinipa mia mbili, na wakati ule mia mbili ilikuwa nyama ya watu wote. Leo si ndiyo siku yako?"

Inshirah alisimama mlangoni mwa chumba chake bila kuelewa, yeye aliyeelewa haraka maisha yake yote. Faukiya akamfuata, akamshika bega, akasema kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ndogo.

"Zamu ya kwanza wewe ulidhani niliipataje? Niliwaambia wifi yangu ana shughuli. Wakauliza shughuli gani. Nikawaambia anaozesha."

Hapo Inshirah alilia. Alilia wazi, mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze, maana katika harusi mwenye shughuli hulia na ndiyo heshima yake. Kisha akafuta uso, akarudi kwenye kochi, akaendelea kutia sahihi. Wengine walitoa mia tatu, wengine mia saba, wale wawili wenye mabinti wachumba wakatoa zaidi ya wote huku wakimkumbusha tarehe za harusi, kwa sababu desturi haina usingizi. Kila mmoja alifungua kitabu kutoka nyuma. Walisomeana majina na kubishana juu ya sentensi. Mmoja alilalamika kwamba alimletea supu mara nne, si mara mbili. Rabab alihesabu kwa macho bila kutaka, kazi ilikuwa imekwisha kumharibu, akaona upatu wa miezi mitatu umepatikana pale sebuleni, na maboksi bado yalikuwa karibu yote yamejaa. Akamuuliza Inshirah polepole pesa hizi ataziandika wapi, kwenye mauzo au kwenye uzinduzi. Inshirah akamwambia anywe soda.

Wa mwisho alikuwa Mama Galal wa ghorofa ya chini. Alipanda ngazi kidogo kidogo na aliposhika mkono wa kochi alipumua kwanza. Alitoa noti ndani ya kitambaa cha kichwa, akainyoosha, akaiweka mezani. Pauni ishirini. Ilikuwa ishirini ileile aliyopewa na Inshirah kwenye harusi ya mwanawe Galal, miaka mingi iliyopita, ilipokuwa pesa ya kukumbukwa. Siku hizi ilimtosha mtu mkate wenye taamiya, bajia za maharage. Wenzake waliangalia pembeni. Hakuwa na kidogo cha kuweka juu yake, na wote walijua.

Inshirah akamtilia sahihi kwa uangalifu, akampa.

"Mimi sijui kusoma, binti yangu. Nionyeshe nilipo."

Inshirah alifungua ukurasa wa 210, akachukua kidole cha yule mama, akakiweka juu ya jina. Mama Galal alikitembeza kidole mwanzo hadi mwisho wa mstari, akarudi mwanzo.

"Wamesema umelipa ili sisi tuandikwe," alisema. "Faukiya anasema umeuza sherehe yako. Hili langu limekugharimu kiasi gani?"

Rabab aliinua macho, kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga hesabu ile ya kila jina. Inshirah pia aliijua, aliijua mpaka senti. Akaangalia noti iliyonyooshwa mezani.

"Ishirini, Mama," alisema. "Ishirini kamili."

Mama Galal alitikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga kitabu, akakitia kwapani.

"Basi hatudaiani," alisema, akaomba mtu amsaidie kushuka ngazi.